Kikundi cha Ukoo, Ujiji: Fedha za Kiwanja

Shangazi Zuhura, 19:42: Assalaamu alaykum. Tulikubaliana kwamba fedha za kiwanja zinunue hisa za Vodacom, na Ramadhani ameshaipata kampuni hiyo kwenye simu yake kwa herufi VOD. Naomba kila nyumba itoe jibu kabla ya Ijumaa.

Ramadhani, 19:50: Kuwapo sokoni hakuna shaka, kwa kuwa jina lake linaishia na PLC.

Mjomba Kasimu, 20:15: Simu yangu ilizama Kibirizi pamoja na laini yake. Je, mwenye hisa hurudishiwa laini bila kupanga foleni?

Shangazi Zuhura, 20:16: Kasimu, tafadhali. Wengine mbona kimya?

Rehema, 21:03: Shikamoo Shangazi. VOD si herufi za kampuni ya hapa. Katika soko la Johannesburg herufi hizo ni za Vodacom Group, ambayo ndiyo kampuni mama, na London ni za Vodafone, mama wa huyo mama. Vodacom Tanzania iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017, na herufi zake ni VODA. Ramadhani, kando ya bei pameandikwa sarafu gani?

Ramadhani, 21:09: ZAc.

Rehema, 21:14: Hizo ni senti za randi, kwa hiyo unatazama Johannesburg. Hisa ya Dar es Salaam huandikwa bei kwa shilingi. Kuhusu PLC, neno hilo huonyesha aina ya kampuni ilivyosajiliwa, wala halithibitishi kwamba hisa zake zinauzwa sokoni. Airtel Tanzania nayo ni PLC, lakini haimo katika orodha ya Dar es Salaam. Iliyoorodheshwa ni Airtel Africa, London, kwa herufi AAF. Anzeni na orodha ya kampuni kwenye tovuti ya soko lenyewe, dse.co.tz, na mlinganishe jina zima la kampuni, si herufi peke yake.

Mwanaidi, 21:20: Hata ile injini ya boti tuliambiwa imeshahakikiwa.

Ramadhani, 21:21: Injini haihusiani na jambo hili.

Mjomba Kasimu, 21:22: Injini ile nayo ingeorodheshwa, bei yake ingeandikwa kwa dagaa.

Baba Mkubwa Issa, 22:40: Nimesoma yote. Fedha ya kiwanja haitatoka mpaka nioneshwe karatasi yenye jina zima la kampuni, soko lake na herufi zake, iliyotoka kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ramadhani asitume hata shilingi kupitia simu.

Shangazi Zuhura, 22:44: Tumesikia, kaka. Rehema, uko Dar es Salaam. Kesho umwone dalali.

Rehema, Alhamisi, 13:30: Nitajitahidi, ila dalali atataka kujua akaunti ya hisa inafunguliwa kwa jina la nani.

Mwanaidi, 13:31: Si la Ramadhani.