Mjadala: Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka na mwisho miaka 10, kikomo hiki kifutwe?

Mleta mada
Kaka yangu amefanya kazi miaka 16 kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar. Wamepewa barua kwamba kampuni inapunguza wafanyakazi. Kiinua mgongo anahesabiwa siku 7 kwa kila mwaka, na miaka 6 haiguswi kabisa kwa sababu sheria inaishia miaka 10. Mimi nasema kikomo hiki kifutwe. Wenzangu mnaonaje?

Katibu wa Tawi
Nimekuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi cha TUICO kiwandani kwa muda mrefu, kwa hiyo nianze na hesabu, maana wengi wanalalamikia kikomo wakati wameshapunjwa kabla hata ya kukifikia.

Tuseme mshahara wa msingi wa kaka yako ni 520,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina jedwali mwishoni linaloonyesha jinsi ya kupata mshahara wa siku: gawa wa mwezi kwa 4.333, kisha gawa kwa siku ambazo mtu huyo kwa kawaida anafanya kazi katika wiki. Hapo unagawa kwa 26, na siku moja inakuwa 20,000. Mara siku 7, mara miaka 10, unapata 1,400,000. Mhasibu akigawa kwa 30, siku inashuka hadi 17,333 na jumla inakuwa 1,213,000 na kidogo. Hiyo karibu laki 2 imepotea bila mtu yeyote kubishana. Mwambie kaka yako aombe mchanganuo wa maandishi aone wamegawa kwa ngapi. Ajue pia kwamba posho ya nyumba, ya usafiri na fedha za ovataimu hazimo kwenye hesabu hii. Ni mshahara wa msingi peke yake.

Miaka 6 iliyoachwa ina thamani ya 840,000. Ni fedha, sikatai. Ila siku 7 ni kiwango cha chini tu. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza mara tu anapolifikiria, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, jinsi ya kuwachagua watakaoondoka, muda, na kiinua mgongo chenyewe. Kiinua mgongo kimetajwa humo kuwa ni jambo la kujadiliwa. Ndiyo maana mimi ugomvi wangu mkubwa uko kwenye kikao.

Afisa Utumishi
Niseme kwa upande wa pili, kwa sababu nimekaa upande wa meza unaochukiwa. Kampuni inapunguza watu ikiwa imeishiwa. Oda zimekatika, benki inadai, umeme haujalipwa. Ukifuta kikomo, mzigo mkubwa kuliko yote unamwangukia mwajiri siku ambayo hana kitu. Atakayeumia ni mfanyakazi mkongwe mwenyewe, kwa sababu mwajiri mwenye akili ataanza kumkimbia mtu akiwa na miaka 8 au 9, au ataajiri kwa mikataba mifupi tangu mwanzo. Mwajiri pia anachangia NSSF kila mwezi kwa miaka yote, bila kikomo cha miaka 10. Anayetaka miaka yote ilipwe aanzie kwenye mfuko.

Katibu wa Tawi
Afisa, NSSF ni akiba ya mfanyakazi ya uzeeni, na fao la kukosa ajira linatoka kwenye mfuko, halitoki kwako. Usilichanganye na deni la mwajiri. Lakini hoja yako ya kuwakimbia wakongwe naikubali. Nimeiona ikitokea.

Mzee wa Kariakoo
Mbona mnazunguka? Sheria ni rahisi. Mwajiri akulipe mwezi mmoja badala ya notisi, akupe likizo zako na siku 7 zako, mmemalizana. Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na vijana wanane. Biashara ilipoyumba niliwalipa wawili mwezi mzima na wakaondoka na shukrani. Vikao ni vya makampuni makubwa.

Katibu wa Tawi
Mzee wangu, shikamoo. Umepatia nusu. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na mwajiri anaruhusiwa kuilipa fedha badala ya kumwacha mtu azifanyie kazi. Lakini hiyo ni notisi ya kuachishwa, inayokuja mwishoni. Taarifa ya kusudio inakuja mwanzoni, kabla jina la mtu yeyote halijaandikwa, na haina bei ya kuinunulia. Sheria haijasema makampuni makubwa tu. Pasipo na chama cha wafanyakazi, mwajiri anashauriana na wafanyakazi wenyewe. Kwa vijana wanane ilikuwa ni kukaa nao jioni moja au mbili, kuwaonyesha mauzo yalivyoshuka, kuwauliza kama wako tayari kupunguza siku za kazi wote wabaki, na kuandika mliyokubaliana.

Mpwani wa Likoni
Jirani zenu tunawasikia. Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinatoa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika, wala hakuna kikomo cha miaka. Kwa mfano wenu wa 20,000 kwa siku na miaka 16, ndugu huyo angepata 4,800,000. Lakini msitamani yote. Kifungu chetu kinataka chama na afisa wa kazi wa eneo wajulishwe mwezi mmoja kabla, watajiwe sababu na idadi, ila hakitaji mashauriano waziwazi. Ilibidi jambo hilo lifike Mahakama ya Rufani katika kesi ya Kenya Airways ya 2014, na hata humo majaji hawakuwa na kauli moja. Nyinyi mnayo kwenye sheria yenyewe. Twajua tamu ya fedha, lakini kupewa nafasi ya kusema kabla hujafukuzwa nako kuna uzito wake.

Dada wa Arusha
Mimi nilikuwa hotelini 2020, watalii walipokatika. Hatukuitwa kikao. Tuliitwa mmoja mmoja ofisini, kila mtu akawekewa karatasi ya makubaliano ya kuachana kwa hiari. Ilisema nimeridhika na sina madai mengine. Nikaambiwa anayesaini leo analipwa Ijumaa, asiyesaini atasubiri. Nilikuwa na kodi ya nyumba. Nikasaini. Baadaye nikaambiwa ningeweza kupata zaidi. Je, hiyo ndiyo mashauriano mnayosema?

Katibu wa Tawi
Pole sana, dada. Hapana, hayo siyo mashauriano. Mwajiri amefunga njia ya kifungu cha 38 na kufungua ya makubaliano. Sheria inaruhusu watu wawili kukubaliana kuvunja mkataba, na ukisaini bila kulazimishwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, itakuuliza kwanza hiyo saini ni ya nani. Kuthibitisha kwamba ulilazimishwa ni kazi ngumu, na kusema ulikuwa na shida ya kodi hakutoshi. Pia malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa CMA ndani ya siku 30. Ukichelewa unaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na lazima uwe na sababu nzuri. Wengi wanapotelea hapo, wakisubiri simu ya bosi aliyeahidi kuwaita tena.

Kijana wa Tegeta
Na mimi je? Mkataba wangu wa mwaka mmoja uliisha Juni, hawakuongeza. Siku 7 zangu nadai wapi?

Afisa Utumishi
Mdogo wangu, mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake hujapunguzwa, umemaliza. Kiinua mgongo hakipo hapo. Angalia kama una likizo ambayo hukulipwa, na omba cheti cha utumishi.

Nirudi kwa Katibu. Unaisifia sana meza ya mashauriano. Mimi nimeiona ikiwa mapambo tu. Bodi imeshaamua, majina yameshachapwa, tunawaita watu wasaini karatasi ya mahudhurio. Ukiacha kiwango cha chini kiwe kidogo hivi ukitegemea kikao, unawasaidia waliobahatika kuwa na chama kama chako.

Katibu wa Tawi
Hapo umenigusa, na sina jibu kamili. Nieleze lilivyokwenda kwetu mara moja. Uongozi ulikuja na sababu moja: oda za nje zimepungua. Tukaomba kuona oda za miezi iliyopita, orodha ya mashine na zamu, na gharama ya ovataimu. Tukakuta idara ya kufuma imesimama kweli, lakini idara ya kushona ilikuwa inalipwa ovataimu kila Jumamosi. Tukapendekeza ovataimu isitishwe na watu wa kufuma wahamishiwe kushona. Idadi ikapungua. Kwenye uchaguzi, wao walitaka kuondoa wenye mishahara mikubwa. Sisi tukasimamia utaratibu wa aliyeingia mwisho kutoka kwanza, isipokuwa mafundi wa mitambo wasiopatikana kirahisi. Kiinua mgongo tukafikia nusu mshahara kwa kila mwaka, bila kikomo. Kwa mtu wa 520,000 na miaka 16 ni 4,160,000. Hakuna aliyebadilisha sheria.

Bila chama, ndiyo, mambo yanakuwa mengine. Hata hivyo pasipo makubaliano sheria inataka suala lipelekwe kwenye usuluhishi, na hilo wafanyakazi wasio na chama wanaliacha kwa kutokujua. Kisingizio cha haraka nacho hakisimami. Kanuni za 2007 zinakubali mashauriano yawe mafupi hali ikiwa ya dharura, lakini siyo dharura ambayo mwajiri ameitengeneza kwa kuchelewa kuanza.

Mleta mada
Nimeongea na kaka. Barua yake ina tarehe 3 na inasema ajira inakoma mwisho wa mwezi. Tangazo la kikao ni la tarehe 10. Hana chama.

Katibu wa Tawi
Basi tarehe hizo ndizo kesi yake. Uamuzi umetangulia ushauri. Asisaini chochote chenye neno hiari. Apige picha barua na tangazo. Kwenye kikao waombe hesabu na vigezo vya uchaguzi kwa maandishi, na wasipokubaliana waseme hivyo kwenye muhtasari. Siku 30 azihesabu kuanzia siku ajira inapokoma.

Afisa Utumishi
Ningeisoma barua kwanza. Kama imeandikwa kwamba ni kusudio na tarehe ni pendekezo, mwajiri atasema ile ndiyo taarifa ya mwanzo na kikao kimefuata sawasawa. Kama imetaja jina lake na kiasi atakacholipwa, hapo nitakuwa na Katibu. Kuhusu miaka 10, bado sikubali ifutwe. Ningekubali siku ziongezwe.

Mleta mada
Jina limo. Kiasi nacho kimo, na wamegawa kwa 30.