Mama ana mpira wa puani: nisukume uji kwa bomba au niuache ushuke wenyewe?

BintiMakorora
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni. Mama yangu ana miaka 71, kiharusi kimemlaza, na huu ni mwezi wa pili analishwa kwa mpira wa puani hapa nyumbani Tanga. Mimi namlisha mara tatu kwa siku, namsukumia mililita 400 kwa bomba, dakika tano nimemaliza. Dada yangu anataka tumpe mara sita, kidogo kidogo, uji ushuke wenyewe. Jana baada ya mlo wangu alikohoa sana, kisha mpira ukaziba. Uji ulikuwa na maziwa, nikaongeza juisi ya machungwa. Kaka akausukuma kwa sindano ndogo ya mililita 5, haukufunguka, tukarudi hospitali kubadilisha. Njia ipi ni salama?

FundiKange
Pole sana dada. Baba yangu naye mpira wake uliziba, tukaambiwa anywe maji mengi, na mfuko usiinuliwe juu ya kitanda.

BintiMakorora
Ahsante kaka, ila huo ni wa mkojo. Wa mama ni wa chakula.

NesiMstaafu
Marahaba mwanangu. Dada yako yuko sahihi. Mililita 400 kwa dakika tano tumbo linajaa ghafla, chakula kinapanda kooni, na aliyepooza koo hawezi kujikinga. Ndiyo maana alikohoa.

Gawa chakula kilekile mara sita, mililita 200 hadi 250 kila mara, kama kiasi cha siku mlichopewa hospitali kinafikia hapo. Kunja mpira kwa vidole, chomoa mti wa ndani wa bomba, unganisha, mimina uji, kisha achia. Bomba liwe juu ya pua kiasi cha shubiri mbili. Ukilishusha uji unapunguza mwendo, ukiliinua unaongeza. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Usiruhusu bomba likauke katikati, utamjaza hewa.

Mito peke yake huteleza. Pindua kiti chini ya kichwa cha godoro, miguu juu, mgongo wa kiti uwe mteremko wa kuegemea. Akae hivyo wakati wa kula na saa nzima baadaye. Kumgeuza na kumbadilisha nepi kufanyike kabla ya mlo.

Kuziba kwa jana kulitokana na machungwa. Maziwa yakikutana na ndimu, ukwaju au chungwa yanaganda, na yakigandia ndani ya mpira hayatoki. Juisi mpe peke yake, ukishasafisha mpira kwa maji. Mililita 30 za maji safi ya uvuguvugu kabla ya mlo, 30 baada yake, na kila dawa isagwe na kupitishwa peke yake, maji kati ya moja na nyingine. Dawa za kuyeyuka polepole msizisage, ulizeni mfamasia.

Ukiziba tena, tumia bomba kubwa la mililita 50 au 60 na maji ya uvuguvugu. Vuta taratibu, sukuma taratibu, subiri robo saa, rudia. Sindano ndogo ina nguvu kali kuliko kubwa, inaweza kupasua mpira. Waya usiingizwe kabisa.

MuhezaKwetu
Mimi nilifundishwa kupuliza hewa na kusikiliza tumboni. Ukisikia mlio, mpira upo mahali pake. Na wakimwekea ule wa tumboni, kupaliwa kunakwisha.

NesiMstaafu
Mlio hudanganya ndugu yangu, unaweza kusikika hata mpira ukiwa kwenye pafu. Cha kwanza tazama alama ya wino puani. Ikiwa imesogea, au ametapika au amekohoa sana, usimlishe na usiurudishe ndani mwenyewe. Hospitali wana karatasi ya kupimia asidi: ikisoma 5.5 au chini, kawaida upo tumboni. Anayetumia omeprazole karatasi inaweza kupotosha, hapo picha ndiyo huamua.

Mpira wa tumboni hufaa anayehitaji kulishwa kwa zaidi ya wiki nne hadi sita, na hauchubui pua. Lakini mate bado yanaingia mapafuni, na chakula bado kinaweza kupanda. Kwa hiyo msafisheni mama kinywa kwa mswaki laini asubuhi na jioni, ingawa hali kwa mdomo. Kinywa kichafu ni chanzo kikubwa cha nimonia.

MuhezaKwetu
Hilo la mate sikulijua. Mzee wangu alipata nimonia mara mbili na tulikuwa hatumswaki, tulidhani hali, hachafuki.

BintiMakorora
Na uji wa asubuhi niliouweka kwenye chupa ya chai mpaka jioni?

NesiMstaafu
Hapana. Kwa joto la Tanga, uliokaa nje saa mbili umwage. Pika kidogo, chuja kwa chujio laini, na bomba uoshe kwa sabuni kila baada ya mlo likauke. Usiku huu mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 24, au akipata homa, au sauti ya maji kifuani, mpeleke usisubiri asubuhi.

BintiMakorora
Nimehesabu, ni 19. Mlo wa saa mbili umechukua dakika 25, hakukohoa. La mpira wa tumboni dada hataki akatwe, kaka anataka. Kliniki ni Alhamisi.