Nianze na vioo au chaji? Niko Mwanga, Kigoma

Kijana_Mwanga: Wakuu, habari za saa hizi. Nimekaa kwa fundi hapa sokoni, kufungua simu na kubadilisha betri naweza. Sasa nataka meza yangu. Mtaji unatosha bisibisi, mita na chuma cha kuchomea risasi. Mashine ya hewa ya moto bado. Naona vioo ndivyo vyenye hela, mnasemaje?

Jembe_Ujiji: Vioo kaka. Jaza vya simu zinazotembea, wateja watakuja wenyewe.

Fundi_Kibirizi: Hela ipo kwenye vioo, kweli, lakini kila modeli ina kioo chake. Ukijaza kabati, mtaji umelala. Mteja atoe hela ya kioo kwanza ndipo uagize. Kikifika, chomeka waya wake ukijaribu kabla ya kubandua nailoni, telezesha kidole mpaka kwenye kona. Ukishapaka gundi hakirudi dukani.

Mimi ningeanza na chaji. Tafuta kile kipimio kidogo kinachokaa kati ya chaja na waya. Juzi mvuvi kaleta simu haiingizi. Kwa chaja na waya ninavyoviamini, kikasoma volti 5, ampea 0.00. Nikaizima, nikamulika tundu: vumbi limeshindiliwa. Nikalitoa kwa kijiti cha meno, ikapanda 0.3, ila inachezacheza ukigusa waya. Betri ilikuwa karibu tupu. Ingekuwa imejaa, ampea kidogo ni kawaida. Nikafungua, nikachomoa betri kwanza, nikakuta kutu ya kijani kwenye tundu. Brashi na spiriti, bado 0.3. Kwenye simu ile tundu liko kwenye bodi ndogo ya chini, inachomekwa tu. Nikaweka nyingine: 1.2. Risasi sikuigusa.

Jembe_Ujiji: Vumbi mimi nachokonoa na sindano, dakika moja tu.

Fundi_Kibirizi: Halafu unapinda ule ulimi wa kati, mteja anakudai tundu zima.

MamaDagaa: Samahani wanangu, yangu ilirushiwa maji kwenye boti asubuhi, inaandika kuna unyevu. Nimeifukia kwenye mchele.

Fundi_Kibirizi: Itoe mama, mchele unaingiza vumbi kwenye tundu. Izime, tundu liangalie chini, iache penye upepo. Usichaji leo.

Kijana_Mwanga: Na ile inayochemka ukiichomeka, hata ikiwa imezimwa?

Fundi_Kibirizi: Chomoa hapohapo. Betri ikiwa imevimba, usiiminye. Kama betri ni nzima, mara nyingi ni shoti kwenye bodi kuu, mpelekee mwenye mashine mgawane.

Zezeta_Gungu: Na simu ambazo tundu limechomewa kwenye bodi kuu? Mimi nabadilisha kwa chuma chembamba na flaksi, hewa ya moto ya nini?

Fundi_Kibirizi: Tundu la miguu ya nje, sawa. La Taipu-C lenye pini zilizojificha chini, kwa chuma peke yake, mimi simo.

Zezeta_Gungu: Njoo Gungu ujionee.