Video zinatazamwa sana, dukani hakuna mabadiliko: tupeane uzoefu

Mwenye duka, Mwanza
Wakuu, ninauza vitenge. Video yangu ya TikTok inayoonyesha namna ya kufunga kilemba imetazamwa mara 84,000, ilhali zilizotangulia hazikuwahi kuvuka 900. Wiki hiyo niliuza doti 11, na wiki iliyotangulia niliuza 12. Waliowahi kupatwa na hali hii, naomba mnieleze mlichogundua.

Muuza viatu, Arusha
Pole, dada. Lipia tangazo tu, wateja watakuja. Mimi nililipia na watazamaji wakaongezeka mara tano.

Fundi wa matangazo, Dar es Salaam
Ndugu wa viatu, watazamaji waliongezeka. Je, mauzo nayo? Unapolipia, mtandao hukuuliza unataka nini. Ukichagua kutazamwa zaidi, utaletewa watu wenye desturi ya kutazama. Ukitaka ujumbe wa wateja, chagua lengo la ujumbe, hata kama watazamaji watakuwa wachache.

Kwa dada wa Mwanza, nadhani video yenyewe ndiyo jibu. Inafundisha kufunga kilemba, kwa hiyo mtazamaji huchukua kitenge alichonacho kabatini, akafunga, akaridhika, bila kuhitaji kununua chochote. Fungua takwimu za video hiyo uangalie watazamaji wako wapi na wangapi waliingia kwenye ukurasa wako, kisha uhesabu waliokuandikia WhatsApp. Pale idadi inapoporomoka ndipo penye tatizo.

Muuza vipodozi, Mombasa
Kwangu mambo ni kinyume, video hazitazamwi kabisa. Hata hivyo, wanaonunua huniuliza kwanza kama mzigo utafika kweli, kwa sababu wengi wamewahi kutuma pesa wasipokee kitu. Tangu nianze kupiga picha ya risiti ya basi na kuiweka hadharani, swali hilo limepungua.

Mwenye duka, Mwanza
Nimehesabu. Walioingia kwenye ukurasa ni 310, walioniandikia ni 26, walionunua ni 3. Kati ya hao 26, 19 waliuliza bei tu, nami niliwajibu usiku baada ya kufunga duka, wengi hawakurudi. Juzi nilirekodi kitenge kimoja nikikikunjua juu ya meza, nikataja bei ya doti, mahali duka lilipo na nauli ya kukituma hadi Shinyanga. Imetazamwa mara 1,400, na watu 9 wameandika wakitaka kitenge hichohicho, 4 wamelipa.

Fundi wa matangazo, Dar es Salaam
Hiyo ni dalili nzuri, ila usiifute video ya kilemba, maana huenda baadhi ya hao 9 walikufahamu kupitia hiyo. Waulize kila wanaponunua.

Muuza viatu, Arusha
Je, juzi haikuwa mwisho wa mwezi? Kwangu mishahara ikitoka, hata bila video watu hununua.

Mwenye duka, Mwanza
Ni kweli, ilikuwa tarehe 29. Nitarekodi nyingine kama hiyo katikati ya mwezi, bei ileile, kisha nilete hesabu hapa.