Tupeane uzoefu: nukta na nambari zinazohama upande kwenye Kiarabu

Mchapaji_Eastleigh: Wakuu, nachapa barua za madrasa, Kiarabu na Kiswahili pamoja. Juzi nukta ya mwisho wa sentensi ilirukia kulia, ikakaa kando ya neno la kwanza. Mbaya zaidi ni nambari ya barua: naandika 024-117, mteja anasoma 117-024. Wengine mnafanyaje?

Kijana_wa_South_C: Sogeza maandishi yote kulia, basi. Mimi hufanya hivyo na sijawahi kulalamikiwa.

MamaRisiti: Zangu herufi zenyewe hukatikana, kila moja inasimama peke yake. Nibadilishe fonti?

Ustadh_Kompyuta: Mama, hiyo yako ni shida nyingine, programu ya zamani isiyojua kuunganisha herufi. Fonti mpya haitakusaidia.

Kijana, kusogeza kulia kunabadilisha pale mstari unapoegemea tu. Nukta haina upande wake, hivyo ikiwa mwisho inafuata mwelekeo wa aya. Aya ikihesabiwa ya Kiswahili, nukta inakwenda kulia hata kama maneno yote ni ya Kiarabu. Kwenye Word, ukiwa na kibodi ya Kiarabu, bonyeza Ctrl na Shift ya kulia. Utaiona nukta ikirudi kushoto.

Nambari ya Mchapaji haiponi hivyo. Tarakimu zikitanguliwa na herufi za Kiarabu, kanuni ya Unicode inazihesabu kama za Kiarabu, na kistari hakiwezi tena kuziunganisha. 024 na 117 zinakuwa vipande viwili, na vipande hupangwa kuanzia kulia. Jaribu 024/117 uone: mkwaju unazishika, hazigeuki. Wanaoandika Kiebrania hawaijui shida hii ya kistari, kwa kuwa herufi zao hazizigeuzi tarakimu.

Dawa ni kuweka alama isiyoonekana, LRM, mbele ya nambari. Kwenye ukurasa wa wavuti:

```
‎024-117
```

Simu iliyoandikwa kwa mapengo inapona kwa alama hiyo hiyo.

Mchapaji_Eastleigh: Mkwaju umekubali! Ila namba za madrasa zina kistari tangu zamani, siwezi kuwabadilishia.

Karani_Ngara: Angalieni na hiyo LRM. Kwetu mtu alinakili nambari kutoka kwenye barua akaibandika kwenye mfumo wa ada, ukamjibu hakuna mwanafunzi kama huyo. Tulihesabu tarakimu, zote sawa. Mpaka mmoja akasogeza kielekezi kwa kitufe cha mshale, akaona inasimama mara moja bila kusonga. Alama ilikuwa imenakiliwa nayo.

Ustadh_Kompyuta: Kweli, hilo hutokea. Kwenye wavuti tumia `<bdi dir="ltr">024-117</bdi>`, haiachi kitu ndani ya nambari. Kwa barua ya Word sina njia safi, labda mfumo wa ada ufundishwe kuondoa alama hizo.

Karani_Ngara: Mfumo si wetu, Ustadh. Tunaziandika kwa mkono.