Tupeane uzoefu: uchambuzi wa wadau pale wakuu wa idara wanapovutana

Mpanga Ratiba:
Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu wa kuchambua wadau katika mradi ambao kila mkuu wa idara anavutia kwake. Nilikabidhiwa kazi ya kubadilisha mfumo wa stoo na mauzo, nikachora ule mraba wa vyumba vinne unaopima nguvu ya mdau na hamu yake juu ya mradi. Wakuu wa mauzo, fedha na stoo wote wakaangukia chumba kimoja, cha wenye nguvu nyingi na hamu kubwa, jambo nililolijua tangu siku ya kwanza. Kikaoni walisema wanauunga mkono mradi, nami nikaandika hivyo mbele ya kila mmoja. Tulipofika kwenye majaribio, mkuu wa fedha akakataa kutia saini.

Nikaonana na kila mmoja peke yake, nikamuuliza mambo matatu: bosi wako atakuuliza nini robo ya mwaka ikiisha, ni uamuzi gani wa mradi unaoweza kukuharibia jibu hilo, na ni kitu gani uko tayari kukiachia. Kumbe ugomvi ulikuwa juu ya jambo moja, yaani mzigo unahesabika umeuzwa lini. Mauzo hupimwa kwa oda, kwa hiyo mkuu wake alitaka muuzaji aushikilie mzigo mara tu mteja anapokubali kwa simu. Fedha hupimwa kwa madeni, akataka usiguswe mpaka malipo yaonekane. Stoo hupimwa kwa tofauti kati ya hesabu ya mfumo na ya rafu, na mzigo ulioshikiliwa huku bado uko rafuni ndio uliomvuruga.

Nikaweka mraba kando, nikachora jedwali lenye maamuzi tisa kwenye mistari na wakuu watatu kwenye safu. Saba hayakumgusa mtu, au yaligusa mmoja tu. Mawili yaliyobaki nilimpelekea aliyeidhinisha bajeti, kila moja likiwa na njia mbili na hasara ya kila idara kwa kila njia. Kuhusu mzigo aliamua kwa maandishi kwamba ushikiliwe saa 48, ujiachie wenyewe malipo yasipoingia, na stoo iuone katika safu yake ndani ya mfumo. Mauzo alikuwa ameomba saa 72, na mpaka leo ananikumbusha.

Hesabu Kali:
Mimi humpa kila mkuu alama za uzito kuanzia 1 hadi 5, nikazidisha kwa kipaumbele chake, na mwenye jumla kubwa anafuatwa. Ubishi unaisha hapo hapo.

Mpanga Ratiba:
Alama hizo zinafaa kukuonyesha uanze kuzungumza na nani, ndugu yangu, lakini haziwezi kuamua nani apoteze. Ukimpa fedha 5 na stoo 3, stoo atakuuliza nani alikutuma kumpima, na hutakuwa na jibu.

Mgeni wa Jana:
Samahani, kwetu wanahisa ni wawili tu, na mmoja hataki kuongeza mtaji. Je, naye aingie kwenye jedwali?

Dada Mkaguzi:
Mgeni, mada ni wadau, yaani yeyote anayeguswa na mradi au anayeweza kuukwamisha, awe na hisa au asiwe nazo. Mwanahisa wako anaingia, ila kwa swali lake la mtaji.

Kwangu kosa lilikuwa tofauti. Niliwachambua wakuu vizuri, nikamsahau naibu wa mmoja wao, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga wafanyakazi wa kufanya majaribio. Mkuu alikubali kila kitu, lakini watu hawakutokea wiki mbili mfululizo, kila mara kwa udhuru unaoeleweka. Sasa, kila jina ninaloandika, nauliza ni nani hasa atakayewatoa watu au kutia saini.

Halafu jamani, tahadhari: niliwahi kuacha faili langu kwenye folda ya pamoja, na mbele ya cheo cha mkuu mmoja nilikuwa nimeandika "mpinzani". Alilifungua mwenyewe. Siku hizi naandika hoja yake, kwa mfano "anahofia kufunga hesabu za mwezi kuchelewa", nisiandike hukumu juu yake.

Hesabu Kali:
Basi faili hilo lifichwe kwa nini? Likiwa na hoja peke yake, wapewe wakuu wenyewe wasahihishe.

Mpanga Ratiba:
Jedwali la maamuzi niliwapa, na fedha alirekebisha mstari mmoja niliokuwa nimemwelewa vibaya. Majibu ya "uko tayari kuachia nini" sikuwapa, kwa sababu waliniambia faraghani, na kila mmoja angeanza kudai kile mwenzake alichosema anaweza kukiachia.

Dada Mkaguzi:
Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Aliyeamua alihitaji kuyajua majibu hayo ili apime hasara. Ulimpa, au aliamua bila kuyaona?

Mpanga Ratiba:
Nilimwambia kwa mdomo tu, dada, na nakiri kwamba wakuu hawajui.