Mjadala: LDL nzuri, trigliseraidi juu. Maabara ziandike na kolesteroli ya masalia?

Hoja: "Majibu mengi ya mafuta ya damu yanatoka LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, ikiwa sawa na trigliseraidi zikiwa juu, na mtu anaambiwa hana tatizo. Je, maabara zilazimishwe kuandika pia kolesteroli ya masalia, au tutakuwa tunaongeza namba ya kutisha watu bure?"

Mkemia wa maabara

Ziandike. Ini hutuma kwenye damu chembe za VLDL zilizojaa trigliseraidi. Zikipita kwenye mishipa midogo ya misuli na ya tabaka la mafuta, kimeng'enya cha lipoproteini lipesi huzikamua trigliseraidi hizo. Chembe inasinyaa, lakini kolesteroli yake haikamuliwi, inabaki humo humo. Hayo ndiyo masalia. Katika mwili ulio sawa ini huyaokota upesi. Trigliseraidi zikikaa juu kwa muda mrefu maana yake ini linatuma chembe kupita kiasi, au ukamuaji na uokotaji umezorota, au vyote kwa pamoja, na masalia yanazunguka muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Yanapenya ukuta wa ateri, na yakiingia, seli walaji huyameza moja kwa moja, hata kabla hayajaharibiwa na oksijeni kama LDL inavyoharibiwa kwanza.

Chukueni watu wawili. Wa kwanza ana kolesteroli yote 5.4, HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, 0.9 na trigliseraidi 3.6, zote kwa mmol/L. Kwa fomula ambayo maabara nyingi hutumia:

```
LDL = kolesteroli yote - HDL - (trigliseraidi / 2.2)
LDL = 5.4 - 0.9 - 1.64 = 2.86
```

Wa pili ana kolesteroli yote 4.71, HDL 1.4 na trigliseraidi 1.0. LDL yake ni 2.86 pia. Kwa anayesoma mstari wa LDL peke yake, hawa ni mapacha. Sasa toa HDL kwenye kolesteroli yote, upate kolesteroli yote iliyomo kwenye chembe zinazoweza kuingia ukutani: wa kwanza 4.5, wa pili 3.31. Tofauti ya karibu 1.2 yote imo kwenye masalia, na karatasi ya majibu haiisemi.

Mfamasia

Basi trigliseraidi ndizo zinazoziba mishipa. Dawa za kundi la fibreti huzishusha vizuri. Zikishuka, masalia yanashuka, na hatari inaondoka. Sioni ugumu uko wapi.

Daktari wa moyo

Mfamasia, uko sahihi nusu. Trigliseraidi zikiingia kwenye seli huvunjwa zikawa nishati. Kolesteroli haivunjwi hivyo, ndiyo maana hiyo ndiyo inayorundikana ukutani. Tazama waliozaliwa bila lipoproteini lipesi inayofanya kazi: trigliseraidi zao huvuka 10 na utegili wao ni mweupe kama maziwa, lakini hatari yao kubwa ni kongosho kuvimba. Chembe zao nyingi ni kubwa mno kupenya ateri. Kinachoumiza ateri ni chembe iliyokwisha kukamuliwa ikawa ndogo.

Na hiyo ya dawa imejaribiwa. Jaribio la PROMINENT, lililochapishwa 2022, lilichukua wagonjwa zaidi ya 10,000 wa kisukari cha aina ya 2 wenye trigliseraidi za juu na HDL ya chini. Pemafibreti ilishusha trigliseraidi na kolesteroli ya masalia kwa takriban robo. Mashambulizi ya moyo na viharusi havikupungua. Sababu inaonekana kwenye kipimo cha ApoB, kwani kila chembe ya VLDL, ya masalia na ya LDL hubeba protini moja tu ya ApoB, hivyo kipimo hicho huhesabu chembe. ApoB haikushuka, ilipanda kidogo, na LDL ilipanda pia. Inaelekea dawa iliharakisha masalia kugeuka LDL badala ya kuyaondoa kwenye damu. Ndiyo maana nasita: tukiandika namba ya masalia, watu watatibu namba.

Msomaji mwenye kisukari

Wataalamu, samahani. Mimi nimepata kolesteroli yote 209, HDL 35, trigliseraidi 319. Nimepiga hesabu ya Mkemia, LDL imetoka 29. Si nzuri sana hiyo? Au ni kwa sababu sikufunga?

Mkemia wa maabara

Ndugu, namba zako ni za mg/dL. Kwa kipimo hicho trigliseraidi hugawanywa kwa 5, si 2.2. 319 gawanya kwa 5 ni karibu 64, hivyo LDL yako ni 110. Kwa kweli ndiye yule mtu wa kwanza wa mfano wangu, kwa kipimo kingine. LDL ya 29 kwa mtu asiyetumia dawa kali ya kushusha mafuta ikutie shaka mara moja: kagua kipimo kabla ya kufurahi. Toa 35 kwenye 209, unapata 174. Hiyo ndiyo ya kumwonyesha daktari wako.

Kutofunga hakuelezi 319. Mlo wa kawaida huongeza wastani wa takriban 27 tu. Tafuta chanzo: sukari isiyodhibitiwa, pombe, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, figo zinazovujisha protini, au dawa kama steroidi. Fomula yenyewe huacha kuaminika trigliseraidi zikivuka 400, yaani 4.5 kwa mmol/L. Hapo rudia kipimo ukiwa umefunga.

Daktari wa moyo

Umenipa hoja, Mkemia. Kama LDL imepatikana kwa hesabu, masalia yako, yaani kolesteroli yote ukitoa HDL na LDL, ni trigliseraidi zilizogawanywa tu. Hujapima kitu kipya. Andikeni kolesteroli isiyo HDL, yaani kolesteroli yote ukitoa HDL, ambayo haitegemei makisio, na lengo lake linajulikana: lengo la LDL la mgonjwa huyo, ongeza 0.8 mmol/L. Ikibaki juu, pima ApoB. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, hupunguza chembe zote hizo, na huko ushahidi ni imara.

Mkemia wa maabara

Kwa isiyo HDL nakubali, iwe mstari wa kwanza. Lakini ApoB pekee itakudanganya kwa wale wenye jozi ya jeni aina ya ApoE2 ambao masalia yao hayaokotwi. Kila chembe yao imesheheni kolesteroli, kwa hiyo ApoB inaweza kuonekana ya wastani huku kolesteroli yote na trigliseraidi zimepanda pamoja. Wengine huwa na mistari ya manjano kwenye mikunjo ya viganja. Na tafiti za vinasaba za Denmaki zilionyesha kwamba waliorithi masalia mengi hupata ugonjwa wa moyo zaidi. PROMINENT ilikataa dawa moja, haikuyaondolea masalia lawama.

Daktari wa moyo

Hao wa ApoE2 ni wachache, na uwiano wa kolesteroli yote kwa ApoB huwafichua bila kumwandikia kila mtu namba ya masalia. Vinasaba vinasema masalia yana madhara. Havijaniambia kama chembe moja ya masalia inadhuru kuliko chembe moja ya LDL, au ni wingi tu. Nikipata dawa inayoshusha masalia na ApoB kwa pamoja, na mashambulizi ya moyo yakapungua kuliko ApoB peke yake inavyotabiri, nitakubali mstari wako wa pili.

Mfamasia

Na huyu wa 319, kabla hiyo dawa haijapatikana?

Daktari wa moyo

Sukari yake kwanza, na pombe kama anatumia. Statini, kwa kuwa ana kisukari, kama umri na hatari nyingine zinaruhusu. Kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki 8 hadi 12, tuone 174 imefika wapi.